Fungua Dirisha Kwanza

Machi 2021, mchekeshaji mmoja wa Los Angeles alikuwa akijimiminia kifungua kinywa kutoka kwenye boksi la Cinnamon Toast Crunch, nafaka kavu zenye sukari na mdalasini zinazotengenezwa na kampuni ya General Mills. Ndani ya boksi akaona vitu vilivyofanana kabisa na mikia ya kamba, ile ambayo paka wa soko la samaki huigombania. Akapiga picha, akailalamikia kampuni hadharani.

Kampuni ilijibu haraka. Ilimpa pole, ikaahidi kumpelekea boksi jingine. Haukupita muda ikarudi na maelezo: watu wake wameitazama picha kwa makini, na kile anachokiona ni sukari ya mdalasini iliyogandamana kwa sababu haikuchanganywa sawasawa. Ikamhakikishia pia kwamba hakuna uwezekano wowote wa kamba kuingia kwenye bidhaa ile. Mteja naye akaweka picha nyingine za karibu zaidi, na kila aliyewahi kumenya kamba akaona alichokiona. Dhihaka zikazunguka dunia kwa siku kadhaa.

Ubaya wa jibu lile haukuwa ukali, kwa maana lilikuwa la upole. Wala halikuchelewa. Ubaya wake ni kwamba lilitoa hukumu juu ya kitu ambacho hakuna mtu wa kampuni aliyekuwa amekishika mkononi. Baadaye ndipo kampuni ikamwomba avitume vile vipande ili vichunguzwe. Ombi hilo lingetangulia, hadithi ingeishia palepale.

Mwezi uliofuata, kampuni nyingine ya Marekani ilijikwaa kwa namna hiyohiyo, na safari hii hapakuwa na la kuchekesha. Tarehe 17 Aprili 2021, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa iliwaonya wenye watoto wadogo au wanyama wa kufugwa waache kutumia mashine ya kukimbilia iitwayo Tread+, ya kampuni ya Peloton. Watoto walikuwa wakivutwa chini ya mkanda unaozunguka, na mmoja alikuwa amekufa. Peloton ilijibu siku hiyohiyo kwamba tangazo la tume si sahihi na linapotosha. Tarehe 5 Mei, siku 18 baadaye, kampuni ileile ilizirudisha mashine hizo, zipatazo 125,000, na mkuu wake wakati huo, John Foley, akaomba radhi na kukiri kuwa jibu lao la kwanza lilikuwa kosa. Mapema 2023 ikakubali kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 19, kwa sababu ilikuwa imepokea taarifa za ajali na kuchelewa kuzifikisha kwa tume.

Kampuni hizi zina wanasheria, wataalamu wa mawasiliano na maabara. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza swali jepesi kabla ya kuandika: huyu aliyetuandikia anahitaji nini katika nusu saa ijayo? Swali hilo ndilo linalotenganisha malalamiko ya kawaida na malalamiko ya usalama. Mteja aliyeuziwa shati lililofumuka anaweza kusubiri mpaka Jumatatu. Anayesikia harufu ya gesi jikoni hawezi.

Gesi basi ndiyo itufae kwa mfano, kwa kuwa iko karibu na wasomaji wetu kuliko mashine ya kukimbilia. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi, na kwa nyumba nyingi za mjini hilo maana yake ni mtungi. Kila mwezi kuna watu wanaoufunga mtungi kwa mara ya kwanza maishani, bila mjomba wala jirani wa kuwaonyesha.

Tuseme ni saa mbili usiku. Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, anaiandikia kampuni iliyomuuzia gesi: “Jamani, mtungi wa kilo 15 niliochukua jana kwa wakala wenu unanuka gesi hata nikizima. Nina watoto ndani. Nifanyeje?”

Hili ndilo jibu ambalo wateja wengi hulipata mahali pengi, na mtu hahitaji kwenda mbali kulipata: “Ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Tunapenda kukuhakikishia kuwa bidhaa zetu zinazingatia viwango vyote vya ubora na usalama. Tafadhali tutumie picha ya risiti, namba ya mtungi na jina la wakala ili suala lako lishughulikiwe na kitengo husika. Kampuni haitawajibika kwa madhara yatokanayo na matumizi yasiyo sahihi.”

Lisome tena kwa macho ya yule mama. Ameuliza afanyeje, hajajibiwa. Badala yake ametumwa arudi jikoni, kwenye harufu, akiwa na simu mkononi, ainame juu ya mtungi kupiga picha ya namba. Kama jikoni kuna giza atawasha taa kwanza. Gesi ya kupikia ikiwa imetanda, cheche ndogo ndani ya swichi ya taa inatosha kuiwasha. Kwa maneno mengine, jibu lenyewe limemsogeza mteja kwenye hatari, tena kwa adabu kubwa.

Mwandishi wa jibu zuri lazima ajue tabia ya kitu anachokiandikia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai juu ikatokea darini kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya kwenye pembe, chini ya kabati, kwenye mtaro na kwenye shimo la maji machafu. Yenyewe haina harufu kubwa. Ule uvundo unaofanana na kabichi iliyooza huongezwa makusudi, ili pua ya mtu ijue kabla moto haujajua. Kwa hiyo pua ya mteja ni kipimo halali, na kampuni inayoanza kwa kuitilia shaka inaitilia shaka dawa iliyoiweka yenyewe.

Sasa hili hapa jibu ambalo lingefaa, ujumbe wa kwanza tu:

“Dada, pole, na umefanya vizuri kutuambia. Toa watoto nje sasa hivi. Usiwashe wala usizime taa, na usiwashe kiberiti. Funga kitasa kilicho juu ya mtungi, fungua milango na madirisha, kisha nawe utoke. Ukisikia mlio wa kufoka au harufu ikiwa kali sana, usiuguse mtungi. Tokeni wote na upige Zimamoto 114. Ukifika nje tuandikie ‘niko nje’, tutakupigia.”

Hakuna salamu ndefu. Hakuna jina la kampuni wala sifa za bidhaa. Hakuna swali hata moja ambalo jibu lake liko jikoni. Maneno ya ujumbe wote yanasomeka kabla maji ya chai hayajachemka, na kila sentensi inamwambia la kufanya kwa mpangilio ambao mwili unaweza kuufuata: watoto, moto, kitasa, hewa, nje. Simu yenyewe itapigwa akiwa nje, sio ndani.

Angalia pia lile ambalo halikuandikwa. Jibu halikumwambia aubebe mtungi. Mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa una gesi ya kilo 15 ndani ya chuma chenye uzito unaokaribia huohuo, hivyo mzigo mzima unakaribia kilo 30. Huenda ni mjamzito, huenda yuko peke yake na watoto. Ushauri wa “toa mtungi nje” una maana pale tu anapokuwepo mtu wa kuunyanyua ukiwa umesimama, bila kuuburuta sakafuni, na hilo linaulizwa kwenye simu, haliamrishwi kwenye maandishi.

Mama ameandika: niko nje. Sasa ndipo maswali yanapoanza, na la kwanza lina thamani kuliko yote. “Uliposema unanuka hata ukizima, ulizima jiko tu, au ulifunga na kitasa cha juu ya mtungi?”

Swali linaonekana dogo. Kwa fundi, hapo ndipo njia inapogawanyika. Watu wengi huzima jiko kwenye vitufe vyake vya mbele na kuacha regyuleta, kile kichwa kinachobanwa juu ya mtungi, ikiwa wazi usiku kucha. Hapo gesi inakuwa imejaa ndani ya mpira mpaka mlangoni pa jiko, na inaweza kuvujia popote njiani: mpira uliopasuka, klempu iliyolegea, kitufe cha jiko kilichochoka. Lakini kama regyuleta imefungwa na harufu bado ipo baada ya jikoni kupata hewa, basi mpira na jiko vimetoka kwenye orodha ya washukiwa. Kilichobaki ni pale regyuleta inapokutana na mtungi, au valvu ya mtungi yenyewe. Sehemu ya kwanza mara nyingi ni mali ya mteja. Ya pili ni mali ya kampuni.

Ndiyo maana mtu wa huduma kwa wateja anayejua kuuliza swali hili ana manufaa kuliko kumi wanaojua kuandika “tunathamini maoni yako”. Hata hivyo asilitumie kama mtego wa kumnasa mteja. Lengo lake ni kumwambia fundi abebe nini kwenye pikipiki: mpira na klempu, au mtungi mzima wa kubadilisha.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mwandishi wa majibu anapaswa kuyajua ili asimtishe mtu bure. Regyuleta inapobanwa au kuvuliwa, gesi kidogo hutoka kwa mara moja, na harufu yake hupotea ndani ya dakika chache. Na mtungi unaokaribia kuisha hunuka zaidi, kwa kuwa ile dawa ya harufu hubaki nyingi kwenye mabaki ya chini. Lakini mtungi wa mama huyu ni wa jana, umejaa. Maelezo haya hayamhusu, na kumtupia ili atulie ni sawa na kumwambia ile ni sukari ya mdalasini.

Baada ya simu ya dakika tatu, ujumbe wa pili unaandikwa, ili mama awe na kitu cha kukishikilia:

“Dada, kama tulivyoongea. Umesema kitasa cha juu ya mtungi umekifunga na harufu bado ipo. Kwa hiyo tunahisi tatizo liko kwenye mtungi au kwenye regyuleta, lakini hatutajua lipi mpaka fundi apime. Anatoka Buguruni sasa na atafika kabla ya saa tatu na nusu. Anakuja na mtungi mwingine, hulipi kitu. Mpaka afike, msirudi jikoni. Kama atachelewa hata dakika kumi tutakupigia sisi. Kesho kabla ya saa kumi jioni tutakueleza alichokiona, hata kama kosa halikuwa la mtungi.”

Utulivu wa ujumbe huu hautokani na maneno laini. Hakuna “usijali” hata moja ndani yake. Unatokana na saa, mahali, na mpaka ulio wazi kati ya kinachojulikana na kisichojulikana. Mtu aliyeambiwa “saa tatu na nusu” anaweza kupanga: atawapeleka watoto kwa jirani, atamwomba mlinzi afungue geti. Aliyeambiwa “haraka iwezekanavyo” atabaki akitazama simu.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowatia wanasheria wa kampuni jasho. Mbona tunaahidi kueleza tutakachokiona kabla hatujakiona? Je, ikiwa ni kosa letu, si tumejiandikia hukumu? Hofu hiyo ina msingi, na haipaswi kudharauliwa. Ila inachanganya mambo mawili. Kumpa mtu pole si kukiri kosa. Mswahili humpa pole hata aliyejikwaa kwenye jiwe la barabarani, na hakuna aliyewahi kudaiwa fidia ya jiwe kwa sababu hiyo. Kueleza ukweli uliopimwa nako ni tofauti na kubishana nani alipe. Jibu la usalama halihitaji kusema “tumekosea” wala “hatujakosea” usiku ule. Linahitaji kusema nini kinafanyika, nani anafanya, na matokeo yatatoka lini. Suala la malipo, kama lipo, lina siku yake na meza yake.

Sentensi za kisheria zina kasoro nyingine isiyosemwa sana. Zinamfundisha mteja kunyamaza. Mtu akiambiwa kampuni haitawajibika kwa “matumizi yasiyo sahihi”, jambo la kwanza atakalolificha ni lile ambalo fundi anahitaji sana kulijua: kwamba mpira wake una miaka sita, kwamba regyuleta aliinunua mnadani, kwamba mtoto aliuangusha mtungi ngazini. Atasema “sijagusa kitu”. Uchunguzi utaanza na uongo uliosababishwa na kampuni yenyewe.

Kuna na shaka nyingine inayozijia kampuni za gesi haraka sana, nayo si ya kufikirika tu: labda mtungi huu haukujazwa na sisi. Ujazaji wa kienyeji upo, ambapo gesi huhamishwa kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwa mtu, bila mizani ya kuaminika wala kukagua valvu, kisha mtungi ukafungwa lakiri ya kughushi. Kampuni ina haki ya kulichunguza hilo. Lakini hata mtungi ukiwa wa magendo, mama aliye nje na watoto wake saa mbili usiku hajapungukiwa na hatari. Aulizwe lakiri ilikuwa na rangi gani baada ya mtungi kuondolewa nyumbani. Mpangilio huo haubadiliki.

Fundi amefika. Anachofanya ni kazi ya kizamani, na yeyote anaweza kuisimamia kwa macho. Mtungi unatolewa nje, unasimamishwa mahali pa wazi, mbali na mtaro. Anachanganya sabuni na maji kwenye kikombe mpaka lipatikane povu zito, kisha analipaka kwa brashi: kwanza shingoni mwa mtungi pale valvu ilipochomekwa, kisha pale regyuleta inapokaa juu ya valvu, kisha urefu wote wa mpira. Panapovuja, povu huvimba na kutoa mapovu mapya yasiyokoma. Asiyekuwa na sabuni hana kazi, na anayepima kwa njiti ya kiberiti anapaswa kuachishwa kazi siku hiyohiyo.

Katika mfano wetu mapovu yanatokea mahali pamoja, kwenye ukingo wa regyuleta. Anaivua. Valvu ina pini yenye springi inayojifunga yenyewe regyuleta ikitoka. Anapaka povu kwenye mdomo wa valvu, kimya. Pini ni nzima. Anabana regyuleta yake mpya aliyokuja nayo, anafungulia. Mapovu yanarudi palepale. Regyuleta ya mama basi haina hatia. Anamulika ndani ya mdomo wa valvu kwa tochi isiyotoa cheche: washa ya mpira, ile pete ndogo nyeusi inayoziba nafasi kati ya valvu na regyuleta, imekauka na ina mkato upande mmoja. Kila regyuleta itakayobanwa hapo itavujisha.

Kipande hicho cha mpira hakizidi upana wa sarafu, na ni cha kampuni, kwa sababu mtungi ni wa kampuni. Mteja hununua gesi. Chuma, valvu na kila kilichomo husafiri kutoka nyumba hadi nyumba miaka nenda rudi, na kukaguliwa kwake kunapaswa kufanyika kiwandani kila unaporudi kujazwa.

Ujumbe wa kesho yake, kabla ya saa kumi kama ilivyoahidiwa, ungesomeka hivi: “Dada, fundi alikuta washa ya mpira ndani ya valvu ya mtungi wetu imekatika. Ndiyo iliyokuwa ikivujisha. Regyuleta, mpira na jiko lako alivipima na povu, havivuji. Mtungi ulionao sasa aliupima mbele yako. Tumewasiliana na wakala uliyechukulia mtungi. Mitungi iliyobaki ya mzigo uleule haitauzwa mpaka tuipime yote, na wanne waliochukua kabla yako tunawapigia leo.”

Sehemu ya mwisho ya ujumbe huo ndiyo ambayo kampuni nyingi huikata. Hudhani inamtisha mteja. Ukweli ni kwamba washa haikauki kwenye mtungi mmoja peke yake. Mitungi ya umri mmoja, iliyokaa juani kwenye uwanja mmoja, huchoka pamoja. Malalamiko ya mama wa Tabata ni dirisha la kuchungulia mzigo mzima, na kampuni inayomaliza shauri kwa kumbadilishia mtungi yeye tu imelipa fadhila kwa mtu mmoja na kuwaacha wanne wakilala na gesi.

Na kama povu lingetokea kwenye mpira wa mteja? Jibu lingebaki na sauti ileile. “Fundi alikuta mpira umepasuka karibu na klempu ya jiko, sehemu unapokunjika. Mtungi hauvuji. Ameufunga mpaka ubadilishe mpira. Usiutumie kabla ya hapo. Duka lolote la gesi wanauza, na wakala wetu ataufunga bila malipo. Mpira mpya ukiukunja na ukaona nyufa ndogondogo, huo nao umeisha.” Halina “kama tulivyokueleza”, wala somo la uzembe. Mteja aliyefedheheshwa mara moja hatapiga simu mara ya pili, na mara ya pili inaweza kuwa valvu.

Umahususi huu una nguvu zaidi hatari inapowahusu maelfu. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba imekuta sumu ya diethilini glikoli katika toleo moja la sharubati ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kenya, Rwanda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi zilizochukua hatua ya kuiondoa sokoni. Tangazo lilikuwa na kitu kimoja ambacho mzazi yeyote angeweza kukitumia bila daktari: namba ya toleo, 329304. Mtu alichukua chupa kabatini, akasoma lebo, akajua. Mwenye chupa ya namba nyingine hakuhitaji kumwaga dawa ya mtoto, na mwenye namba ile hakuwa na la kujadili.

Kampuni inayomiliki chapa hiyo, Kenvue, ilisema baadaye kwamba vipimo vyake kwenye toleo lile havikuiona sumu hiyo. Wapo wanaolitumia hilo kudai kwamba tahadhari ilikuwa ya haraka mno. Haishawishi. Chupa iliyorudishwa dukani inaweza kupimwa mwezi mzima. Iliyonyweka haipimiki tena. Kuchukua hatua kabla ya uhakika na kutoa hukumu kabla ya uhakika ni mambo mawili, na kampuni ya mikia ya kamba ilifanya la pili bila la kwanza.

Yote haya yanadai kwamba anayeandika jibu awe na mamlaka ya kumtoa fundi usiku. Hapo ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. Kijana aliyeko zamu anajua la kusema, lakini hana namba ya fundi, hana ruhusa ya kutoa mtungi bila malipo, na bosi wake amelala. Ndipo anaporudi kwenye “kitengo husika”, kwa sababu ndicho pekee anachoruhusiwa kukitaja. Kampuni iliyojipanga humpa orodha fupi ya maneno: harufu, mlio, moto, kizunguzungu, mtoto. Neno mojawapo likionekana kwenye ujumbe wa mteja, haombi kibali cha mtu. Fundi anaondoka, karatasi zitafuata asubuhi.

Na pasipo na fundi? Mteja akiwa Kibondo au Nachingwea, kampuni ikiwa na wakala mmoja anayefunga duka saa kumi na mbili, jibu la kweli ni fupi zaidi, na linaandikika: “Hatuna fundi wa kufika kwako usiku huu. Kama kuna mtu wa kukusaidia na harufu si kali, mtungi ubebwe ukiwa umesimama, kitasa kikiwa kimefungwa, ukalale nje mahali pa wazi, mbali na moto na mtaro. Usipikie gesi leo. Wakala ataubadilisha saa moja asubuhi, tumeshaongea naye, na hii ni namba yake.” Kisha kampuni impigie wakala kweli, kabla ya kuutuma ujumbe huo.